Matendo Manne na Karata ya Kinshasa

Watu wanaposifu Pandemic, mchezo wa ubaoni aliobuni Matt Leacock na ukatoka mwaka 2008, huanza na ushirikiano. Wachezaji wote wako upande mmoja, magonjwa manne yako upande wa pili, mnashinda wote au mnashindwa wote. Ni kweli, lakini sifa hiyo inaishia mlangoni. Ukitaka kujua mchezo huu unasimulia nini, usisome kisanduku. Soma zamu moja. Humo ndimo mwandishi wake alimoficha hadithi yote.

Zamu ina sehemu tatu na mpangilio wake haubadiliki. Kwanza unafanya matendo manne: kusafiri mji mmoja hadi jirani yake, kuruka kwa ndege kwa kutupa karata, kutibu, kujenga kituo, kupeana karata, kupata dawa. Kila moja ni tendo, na tendo ni sawa na tendo. Kuvuka mpaka kunagharimu sawasawa na kugundua dawa ya ugonjwa. Pili unaokota karata mbili. Tatu, ugonjwa nao unapata zamu yake: zinafunuliwa karata za maambukizi, na kila mji uliotajwa unaongezewa mchemraba mmoja. Mji ukiwa tayari na michemraba mitatu, wa nne hauwekwi. Mji unalipuka, na kila jirani anapokea mmoja. Jirani naye akiwa na mitatu, analipuka. Huo ndio mnyororo. Milipuko minane ikitimia, mmeshindwa, hata kama mlikuwa karibu kiasi gani na ushindi.

Angalia mpangilio huo kama msomaji wa tamthilia. Unatenda kwanza, kisha unahukumiwa, na kati ya tendo na hukumu huna la kusema isipokuwa umeshika karata maalumu. Michezo mingi ya bahati hutupa dadu kwanza, halafu mtu anahangaika na alichopata. Hapa mtu anahangaika na kitakachokuja. Leacock ameiweka hofu mahali pake hasa, yaani kabla ya tukio.

Tena hofu hii si ya kutojua. Hapa ndipo wahakiki wengi wanapopita haraka. Karata ya Janga ikitokea, mambo matatu yanafuatana: alama ya kasi ya maambukizi inasogea mbele, mji wa chini kabisa ya lundo unapigwa michemraba mitatu kwa mkupuo, kisha karata zote za maambukizi zilizokwisha kutumika zinachangwa upya na kurudishwa juu ya lundo. Juu, si chini. Miji iliyoumia jana ndiyo itakayoumia kesho, na wewe unaijua kwa majina. Hujui zamu yake tu. Msomaji wa riwaya za ukoo uliolaaniwa anaufahamu mtindo huu: hakuna mgeni anayeingia, ni ya kale yanayorudi.

Sasa hebu tuchukue meza moja tuisome polepole. Wachezaji ni wawili. Mmoja ni Mwanasayansi, ambaye anahitaji karata nne tu za rangi moja kupata dawa badala ya tano. Mwingine ni Mtafiti, ambaye anaweza kumpa mwenzake karata yoyote ya mji wakikutana. Wanacheza na karata tano za Janga. Zamu ya tano imefika, ni ya Mwanasayansi. Yuko Kairo, kwenye kituo cha utafiti alichokijenga mwenyewe, na mkononi ana karata nne za bluu. Dawa ya bluu iko tayari. Ni tendo moja tu. Hakuna mlipuko hata mmoja uliokwisha kutokea.

Tatizo liko kusini yake. Khartoum ina michemraba mitatu ya njano, kwa sababu ndiyo iliyotoka chini ya lundo wakati Janga la kwanza lilipokuja katika zamu ya pili. Kinshasa ina mitatu tangu mchezo unaanza. Lagos ina mitatu, Johannesburg miwili. Kwenye ubao, Kinshasa inapakana na Lagos, Khartoum na Johannesburg. Khartoum inapakana na Kairo, Lagos, Kinshasa na Johannesburg. Shika hilo vizuri, kwa maana kila kitu kinachofuata kinatokana na mistari hiyo michache.

Kabla ya Mwanasayansi kufanya lolote, kuna hesabu. Mchezo huanza na karata tisa za maambukizi. Zamu ya kwanza ikaongeza mbili, Janga likaongeza moja ya chini: kumi na mbili zikachangwa na kurudi juu. Tangu hapo zimefunuliwa sita, mbili mbili, katika zamu ya pili, ya tatu na ya nne. Zimebaki sita, na kwa kuondoa zilizotoka wote wawili mezani wanazijua: Kinshasa, Khartoum, na nyingine nne za miji isiyo na zaidi ya mchemraba mmoja, tuseme Chennai, Lima, Osaka na Montreal. Karata za Lagos na Johannesburg zimeshatoka, zimelala kwenye zilizotupwa. Leo zitafunuliwa mbili kati ya hizo sita.

Karata sita zinatoa jozi kumi na tano. Jozi sita hazina Kinshasa wala Khartoum. Tisa zina angalau mojawapo. Kwa hiyo asipofanya kitu huko kusini, nafasi ya mlipuko ni tisa kwa kumi na tano, zaidi ya nusu. Na ni mlipuko wa namna gani? Tuseme inatoka Kinshasa. Inalipuka: moja. Lagos inapokea, ilikuwa na mitatu, inalipuka: mbili. Khartoum vilevile: tatu. Johannesburg ilipokea mmoja kutoka Kinshasa ikafika mitatu. Sasa Khartoum inaiongezea, nayo inalipuka: nne. Mji haulipuki mara mbili katika mnyororo mmoja, kwa hiyo moto unaishia hapo. Karata moja, milipuko minne. Kichekesho kichungu ni kwamba michemraba iliyoongezeka ubaoni ni mitatu tu: Johannesburg, São Paulo na Kairo, mmoja mmoja. Anayetazama ubao kwa mbali hataona tofauti kubwa.

Lakini miji minne sasa yote imejaa. Karata ya pili ikiwa Khartoum, mnyororo unaanza upya kama karata nyingine: Khartoum tano, Lagos sita, Kinshasa saba, Johannesburg nane. Mchezo umekwisha. Kutoka sifuri hadi kushindwa ndani ya karata mbili, katika zamu ya tano. Nafasi yake ni moja kwa kumi na tano tu, lakini ipo, na wote wawili wanaiona.

Hapa ndipo mchezaji mgeni anapoongozwa vibaya na macho yake. Anaona miji mitatu yenye michemraba mitatu na anadhani hatari ni sawa. Labda atakimbilia Lagos kwa sababu inaunganisha bara na Amerika ya Kusini na anaogopa moto uvuke bahari. Njia ni Kairo, Khartoum, Lagos: matendo mawili. Anatibu mara mbili, Lagos inabaki na mmoja. Amemaliza zamu. Kisha Kinshasa inafunuliwa: Kinshasa, Khartoum, Johannesburg, milipuko mitatu. Matendo manne yameokoa mlipuko mmoja. Na kama angetibu mara moja tu, asingeokoa chochote, kwa maana Lagos ingepokea mmoja kutoka Kinshasa ikajaa, na wa pili kutoka Khartoum ikalipuka. Kosa lake ni la usomaji. Lagos leo ni kuni, si kiberiti. Karata yake iko kwenye zilizotupwa na haiwezi kurudi juu bila Janga jingine.

Je, Janga jingine linaweza kuja zamu hii? Hapana, na hili pia linajulikana. Karata za wachezaji wawili zinapangwa hivi: miji 48 na matukio matano, toa nane walizogawiwa mwanzoni, zinabaki 45. Zinagawanywa mafungu matano ya tisa tisa, kila fungu linaingizwa Janga moja na kuchangwa, kisha yanapangwa moja juu ya jingine. Kila fungu lina karata kumi, yaani zamu tano. Fungu la kwanza lilishatoa Janga lake. Karata mbili za leo ni za tisa na ya kumi, mwisho wa fungu hilohilo. Janga la pili halina pa kutokea hadi zamu ya sita. Mwanasayansi anasimama kwenye usalama wa ajabu wa zamu moja, na anatakiwa ajue jinsi ya kuutumia.

Njia ya kwanza ya kuutumia ni ya tahadhari. Kwenda Khartoum, kutibu. Kwenda Kinshasa, kutibu. Matendo manne, kila kiberiti kimeloweshwa, miji yote miwili ina michemraba miwili. Litoke litakalotoka kati ya zile sita, hakuna mlipuko. Ni zamu safi. Ila dawa ya bluu haijapatikana, na Mwanasayansi yuko Kinshasa. Zamu ya saba, akipata nafasi tena, itamgharimu matendo mawili kurudi Kairo na la tatu kupata dawa. Katika mchezo wa karata hamsini, kila zamu ikila mbili, kuna zamu ishirini na tano kwa wote, yeye akipata kumi na tatu. Amelipa sehemu kubwa ya zamu nzima ili kuuzima moto ambao pengine usingewaka.

Njia ya pili ni ya tamaa, nayo ni nzuri zaidi kuisoma. Anapata dawa kwanza: tendo moja. Anakwenda Khartoum: mawili. Amebakiza mawili. Wengi wangetibu mara moja halafu wasogee Kinshasa, ili wawe karibu kwa zamu ijayo. Inaonekana busara, lakini Kinshasa ikitoka ni bure kabisa. Khartoum ikiwa na miwili na Kinshasa ikafunuliwa: Kinshasa inalipuka, Khartoum inapokea na kufika mitatu. Lagos inalipuka, inaipiga Khartoum mara ya pili, Khartoum inalipuka, inaipiga Johannesburg iliyokwisha kujaa, nayo inalipuka. Nne, sawa na kutofanya kitu. Mchemraba aliouondoa ulirudishwa na jirani wa kwanza, na jirani wa pili akamaliza kazi. Katika mnyororo haitoshi kuuliza mji una michemraba mingapi. Unauliza una majirani wangapi watakaolipuka. Khartoum inao wawili, Kinshasa na Lagos. Kwa hiyo inahitaji nafasi ya kupigwa mara mbili, siyo moja.

Akitibu mara mbili, Khartoum ikabaki na mmoja, mambo yanabadilika. Kinshasa ikitoka, inalipuka na Lagos inalipuka, Khartoum inameza mapigo mawili na kusimama kwenye mitatu, Johannesburg inasimama kwenye mitatu. Milipuko miwili, mnyororo umekatika. Khartoum ikitoka peke yake, inafika miwili na hakuna kinachotokea. Jozi kumi kati ya kumi na tano zinapita salama, nne zinaleta milipuko miwili. Ile moja yenye miji yote miwili ndiyo mbaya, na ubaya wake unategemea mpangilio: Khartoum ikitangulia, mapigo ni manne, Kinshasa ikitangulia, ni sita. Bado hujashindwa. Una dawa mkononi na kidonda mgongoni.

Ukiniuliza mimi, uandishi wa mchezo huu unang'aa katika tofauti hiyo ya kutibu mara moja na mara mbili. Kinshasa ikitoka, tendo lenye nusu ya nguvu halileti nusu ya faida, halileti kitu. Huruma iliyogawanywa kwa usawa miongoni mwa miji yote inaua miji yote. Hakuna sentensi yoyote kwenye kitabu cha kanuni inayosema hivyo. Inasemwa na mistari kwenye ramani.

Halafu kuna mtu wa pili mezani. Mtafiti yuko Hong Kong na ana karata ya tukio inayoruhusu kumrusha mchezaji yeyote hadi mji wowote. Karata za tukio hazili tendo, na zinachezwa wakati wowote, hata katikati ya zamu ya mwenzako. Kwa hiyo iko njia ya tatu: dawa ya bluu Kairo, mguu hadi Khartoum, kutibu, ndege ya mwenzake, bure, hadi Kinshasa, kutibu. Matendo manne, dawa imepatikana, viberiti vyote viwili vimeloa. Tunapata kila kitu.

Kila kitu isipokuwa mpango wa Mtafiti. Alikuwa ameiweka ndege hiyo ili amwite Mwanasayansi Hong Kong na kumkabidhi karata nyekundu alizokusanya. Ikitumika leo, mwenzake atakuwa Kinshasa, na dawa nyekundu itasubiri safari ya mguu nusu ya dunia au karata ya kuruka ambayo hawana. Nani anaamua? Kanuni ziko wazi kwamba aliyeishika ndiye anayeicheza. Lakini kila mtu aliyewahi kukaa kwenye meza hii anamjua yule mjuaji ambaye keshahesabu jozi kumi na tano kabla yako, na ambaye mkono wake uko tayari juu ya kete yako. "Hapa huna ujanja, toa hiyo ndege," anasema, na kweli huna ujanja, maana amepatia. Hili ndilo doa kubwa la Pandemic kama kazi ya sanaa. Taarifa zote ziko wazi kiasi kwamba akili moja inaweza kucheza mikono yote. Ushirikiano unageuka imla, wengine wakibaki makarani wa kusogeza kete. Mchezo hautoi dawa ya ugonjwa huu wa tano.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema doa hilo linaufuta mchezo. Katika zamu tuliyoisoma, hesabu inamaliza swali la kusini lakini haimalizi swali la ndege. Hakuna jozi za kuhesabu zinazosema dawa nyekundu ikichelewa itagharimu nini. Lundo la wachezaji bado lina karata arobaini na mbili ambazo hakuna anayezijua mpangilio wake. Mjuaji akifika hapo anabaki na maoni kama mtu mwingine. Hapo wawili wanalazimika kuzungumza kweli. Mtafiti anaweza kukataa na kusema: twende njia ya pili, tubebe hatari ya milipuko miwili, tunayo nafasi ya minane. Na hatakuwa mjinga. Mimi ningeitoa ndege, lakini ningependa niombwe.

Lipo jambo jingine, nalo linamhusu msomaji wa Kiswahili kuliko wengine. Rudi kwenye ramani. Miji 48, sita tu ya Afrika: Algiers, Kairo, Khartoum, Lagos, Kinshasa, Johannesburg. Kwenye zamu yetu, mlipuko wa nne ulitokana na mstari unaotoka Khartoum moja kwa moja hadi Johannesburg. Ufuate kwa kidole. Unapita juu ya Afrika Mashariki yote bila kugusa chochote. Nairobi haipo, Dar es Salaam haipo, Kampala haipo. Kuna wanaokasirika, na kuna wanaotania kwamba basi sisi tumepona. Naona vyote viwili vinakosa jambo. Ubao wenye kila mji usingechezeka, na miji iliyoachwa duniani ni mingi mno. Kinachonisumbua ni kwamba mstari huo ni hewa tupu. Ugonjwa unaruka kilomita maelfu bila kupita kwa mtu, bila stendi, bila mpaka, bila soko. Kwenye mchezo unaojali majirani kiasi hiki, ujirani wa Khartoum na Johannesburg ni wa kwenye karatasi tu, na ndio uliotuua.

Hata kutibu kwenyewe hakuna sura. Mchemraba unaondoka, unarudi kwenye akiba, hujui ulikuwa watu wangapi. Baadaye, mwaka 2015, Leacock akishirikiana na Rob Daviau alitoa Pandemic Legacy, ambamo mji uliolipuka unabaki na kovu hata mchezo unaofuata, unabandikwa alama na kuanza kuoza. Ni jaribio la kuupa ubao kumbukumbu. Ule wa kwanza hauna. Kila usiku unafutwa. Kumbukumbu yake pekee ni lile lundo la karata zilizochangwa na kurudi juu.

Tumalizie zamu basi. Tuseme ndege imetolewa. Bluu ina dawa, Mwanasayansi yuko Kinshasa, Khartoum na Kinshasa zina miwili miwili. Karata mbili za wachezaji zinaokotwa, hazina Janga kama ilivyojulikana. Inafunuliwa Chennai. Inafunuliwa Kinshasa, ambayo inafika mitatu na kutulia. Hakuna kilicholipuka. Ni zamu ya Mtafiti sasa, na fungu jipya la karata kumi limefunguka, Janga moja likiwa ndani yake mahali fulani. Nafasi kwamba litakuwa kwenye mbili za kwanza ni moja kwa tano. Likitoka, zilizotupwa zinachangwa na kurudi juu, na Lagos, ambayo hakuna aliyeigusa, iko humo na michemraba yake mitatu.